Shimo la tofali, damu na mayai ya mbu

Mvua za Novemba zikianza Tabora, mashimo yaliyochimbwa udongo wa tofali kiangazi hujaa maji. Yapo juani, hayana majani mengi, hayana samaki. Anofelesi, mbu wa malaria, hatafuti zaidi ya hapo.

Tuseme jike ametaga Jumatatu usiku. Huangusha yai mojamoja, 50 mpaka 200, na kila yai lina vifuko vya hewa ubavuni vinavyolielesha. Kufikia Jumatano au Alhamisi viluwiluwi wanatoka. Ukitaka kuwaona, chota maji ya ukingoni kwa bakuli jeupe, lakini usisimame jua likiwa mgongoni: kivuli chako kikigusa maji, wote wanazama, nawe utaondoka ukidhani shimo ni safi. Ngoja dakika mbili warudi juu. Wa anofelesi hulala bapa chini kidogo ya uso wa maji kwa kuwa hana mrija wa kupumulia. Anayening'inia kichwa chini mara nyingi ni kuleksi, yule wa vyooni na mitaroni.

Kiluwiluwi hula na kujivua ngozi kwa wiki moja hivi, kisha anakuwa pupa, amejikunja kama alama ya mkato. Pupa hali chochote. Ndiyo maana dawa ya Bti, inayomwagwa majini kuua viluwiluwi na ambayo lazima waimeze, haimdhuru; ukichelewa kuimwaga mpaka pupa watokee, hao watapaa tu. Siku mbili baadaye ngozi hupasuka mgongoni na mbu anatoka.

Dume na jike wote huishi kwa maji matamu ya maua. Dume hana sindano ya kutoboa ngozi yetu, wala haihitaji. Jike ndiye mwenye mayai, na maji ya maua ni sukari tupu, hayana protini ya kutengenezea kiini cha yai. Protini hiyo anaipata kwenye damu. Hupandwa mara moja tu kwa kawaida, akaweka mbegu za dume mwilini, lakini damu ataitafuta upya kwa kila mkupuo wa mayai.

Hali yake utaisoma ukutani asubuhi. Aliyekunywa usiku huo tumbo lake ni jekundu, limevimba. Kesho yake wekundu umegeuka mweusi na kupungua, nyuma yake weupe wa mayai unasogea. Siku ya pili au ya tatu tumbo lote ni jeupe: usiku atarudi shimoni kutaga, kisha aje tena kuuma.

Mbu hazaliwi na malaria. Akinyonya vimelea kwa mgonjwa, vinahitaji siku 10 hivi au zaidi tumboni mwake kabla ya kufika kwenye mate. Kwa hiyo anayeambukiza ni jike mzee, aliyekwisha kutaga mara tatu au nne. Wengi hufa kabla ya umri huo, na dawa ya ukutani huwaongezea vifo palepale wanapotua wakiwa wazito kwa damu, na chandarua chenye dawa pale wanapoijia damu hiyo.