Herufi nne kwenye pakiti ya dawa za kifua kikuu

Wavuvi wa dagaa wa upande wetu wa ziwa huja kliniki kipindi cha mbalamwezi. Mwezi ukiwaka, taa za mitumbwi hazivuti dagaa, mialo inatulia, na mtu anapata nafasi ya kuvuka kuja Mwanza kwa shughuli zake. Mzee mmoja wa visiwa vya Ukerewe alifika dirishani kwangu kipindi kama hicho, ameshika karatasi mbili za vidonge vyekundu vya kahawia, moja kila mkono.

"Dokta, shika hizi. Miezi miwili nimemeza yenye namba nne. Sasa nimepewa yenye namba mbili. Dawa zimeisha bohari, au mnanipunja?"

Hakupunjwa. Ila swali lake lilikuwa zuri, kwa sababu vidonge vyenyewe vinafanana mno. Wekundu ule unatokana na dawa moja iliyomo kwenye karatasi zote mbili, kwa hiyo ukitegemea rangi utapotea. Cha kutegemea ni maandishi.

Karatasi ya kwanza iliandikwa RHZE 150/75/400/275. Kila herufi ni dawa kamili, na kila namba ni uzito wa dawa hiyo kwa miligramu ndani ya kidonge kimoja, kwa mpangilio uleule wa herufi. R ni rifampisini, miligramu 150. H ni isoniazidi, 75. Z ni pirazinamidi, 400. E ni ethambutoli, 275. Wengi hukwama kwenye H, maana isoniazidi haianzi na H. Herufi hiyo imetoka kwenye jina lake refu la kikemia, ambalo neno lake la mwisho ni haidrazidi. Z nayo imechomolewa katikati ya jina la pirazinamidi. Karatasi ya pili iliandikwa RH 150/75: rifampisini na isoniazidi kwa vipimo vilevile, bila zile mbili za mwisho. Ukikuta mahali pameandikwa HR 75/150, usishtuke, ni kidonge kilekile. Herufi zimebadilishana nafasi na namba zimezifuata.

Kwenye kadi yake kulikuwa na maandishi mengine: 2RHZE/4RH. Hapa ndipo watu wanapoteleza, kwa sababu alama ni zilezile lakini zinasema jambo lingine. Namba iliyotangulia herufi ni miezi. Si idadi ya vidonge. Na mkwaju, ambao kwenye pakiti unatenganisha dawa na dawa, kwenye kadi unatenganisha awamu na awamu. Yaani miezi miwili ya dawa nne, kisha miezi minne ya dawa mbili. Nimewahi kukutana na mgonjwa aliyesoma 2RHZE akameza vidonge viwili kwa siku wakati uzito wake ulihitaji vinne. Idadi ya vidonge haiandikwi kwenye jina la dawa. Inatokana na mizani, na ndiyo maana mgonjwa hupimwa uzito kila anapokuja.

Mzee wetu alikuwa na kilo 58. Mtu mzima mwenye kilo kati ya 55 na 70 humeza vidonge vinne kwa mara moja, kila siku. Zidisha: rifampisini 600, isoniazidi 300, pirazinamidi 1600, ethambutoli 1100. Awamu ya pili anameza vinne vya RH, na rifampisini inabaki 600, isoniazidi 300. Hakuna kilichopunguzwa katika dawa hizo mbili. Pirazinamidi na ethambutoli zimeondolewa kwa sababu kazi yake kubwa iko miezi ya mwanzo, vijidudu vikiwa vingi.

Nilidhani tumemalizana. Kisha akanong'ona, "Lakini nilikuwa na akiba ya zile za namba nne. Siku tatu hizi nameza zote, ili nisipungukiwe."

Nikachukua kalamu tukapiga hesabu pamoja. Vidonge vinne vya RHZE na vinne vya RH: rifampisini 1200 na isoniazidi 600 kwa siku, mara mbili ya kipimo chake. Kwake karatasi zile zilikuwa dawa mbili tofauti. Kumbe ya pili yote imo ndani ya ya kwanza.

Nikamuuliza kama anatapika, kama chakula kinamkataa, kama tumbo linauma upande wa kulia chini ya mbavu. R, H na Z zote zinaweza kuumiza ini. Akajibu mkojo wake ni wa rangi ya chungwa. Hilo peke yake halikunitisha, maana rifampisini hupaka mkojo rangi hiyo, hata machozi na jasho, kwa mgonjwa yeyote anayeimeza sawasawa. Ninachotafuta ni weupe wa macho. Ukigeuka njano, hiyo si rangi ya dawa, ni ini linalalamika. Dawa husimamishwa na mgonjwa huonwa siku hiyohiyo. Macho yake yalikuwa meupe, na kipimo cha ini alichoandikiwa na daktari kilirudi vizuri.

Swali lililobaki lilikuwa la kipolisi kidogo: akiba ilitoka wapi? Dawa hizi hutolewa kwa hesabu, hazibaki. Akakiri kwamba kuna siku alikuwa kambini ziwani, dawa zikabaki nyumbani. Basi miezi yake miwili haikuwa imetimia, kwa kuwa awamu ya kwanza huhesabiwa kwa dozi zilizomezwa, si kwa kalenda. Kliniki ikamrudisha kwenye RHZE peke yake amalizie dozi alizoruka, ndipo aingie RH.

Kidonge cha mchanganyiko kilitengenezwa ili mgonjwa asichague dawa moja akaacha nyingine, jambo linalozaa vijidudu sugu. Lakini kina kikomo chake. Ukikikata katikati, umepunguza dawa zote nne kwa pamoja. Mtu akianza kuona ukungu, au kushindwa kutofautisha nyekundu na kijani, tunashuku E; kwenye pakiti ya mchanganyiko hakuna namna ya kuitoa E peke yake, ni lazima kliniki ibadilishe pakiti. Ganzi au moto kwenye nyayo tunaishuku H, na dawa yake ni vitamini B6, ambayo haimo kwenye kidonge.

Usizihamishie herufi hizi kwenye pakiti za magonjwa mengine. E ya RHZE ni ethambutoli, ila E ya TLE, mseto wa zamani wa virusi vya Ukimwi, ni efavirenzi. TLD ya sasa ni tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, na pakiti nyingine zinaiandika TDF/3TC/DTG. Ni dawa ileile, kwa hiyo usimeze zote mbili. Anayetumia TLD pamoja na RHZE au RH huongezewa kidonge kimoja cha DTG 50, saa 12 baada ya kile cha TLD, kwa kuwa rifampisini hulifanya ini liichome dolutegraviri haraka. Hapo kuonekana kwa DTG mara mbili si kosa la mfamasia. Vidonge vya uzazi wa mpango navyo hudhoofishwa na R hiyohiyo, kwa hiyo mwanamke anayevitumia aseme mapema apewe njia nyingine.

Mzee aliniachia karatasi za akiba, akaomba nimwandikie herufi na maana zake nyuma ya kadi. Alirudi mbalamwezi iliyofuata, akaigeuza pakiti mpya kabla sijasema neno. "R, H," akasoma kwa kidole. "Mia moja hamsini, sabini na tano. Vinne."

Nikampa kalamu asaini.