Ukiuza kampuni yako, deni la NSSF liandike kabla mnunuzi hajaligundua

Mikataba mingi ya kuuza biashara ndogo inayoletwa ofisini kwetu ina ibara ndefu ya matamko na dhamana ambayo muuzaji ametia sahihi bila kuisoma. Humo anatamka kwamba mashine ni mali ya kampuni, kwamba haina kesi mahakamani, kwamba kodi na michango yote imelipwa. Kila tamko linabeba fedha. Likibainika kuwa halikuwa kweli siku ya makabidhiano, mnunuzi anaweza kudai fidia, na kwa kawaida haisaidii muuzaji kusema kwamba hakujua.

Jambo hili linauma zaidi pale zinapouzwa hisa. Kampuni inabaki ileile na madeni yake, mwenye hisa ndiye anayebadilika, kwa hiyo URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, au NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wakija wataugonga mlango wa kampuni, ambao sasa ni wa mnunuzi.

Tuseme kampuni ya kusaga mahindi Kisenyi, Kampala, inauzwa kwa shilingi milioni 180. Ina wafanyakazi 8, kila mmoja analipwa 400,000 kwa mwezi, taslimu. Mwenyewe amekuwa akiwaita vibarua na hakuwalipia NSSF, akidhani kampuni ndogo haihusiki. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2022, waajiri wote wanahusika bila kujali idadi ya wafanyakazi. Mchango ni asilimia 15 ya mshahara: 10 za mwajiri na 5 za mfanyakazi. Kwa watu hao 8 ni shilingi 480,000 kila mwezi. Kwa miezi 18 inafika 8,640,000, kabla ya adhabu.

Muuzaji akitamka kwamba michango yote imelipwa, amejifunga. Njia ya kujinasua ni jedwali la ufichuzi, kiambatisho kinachotaja kila jambo linalopingana na matamko. Lakini jedwali linalosema “huenda kuna madeni madogo ya serikali” halimkingi mtu, kwa sababu mnunuzi hawezi kujua kutokana na maneno hayo ni deni gani wala ni kiasi gani. Ufichuzi unaosimama unaandikwa hivi: “Kuhusu ibara ya 7.3: kampuni haijalipa michango ya NSSF ya wafanyakazi 8 kuanzia Januari 2024 hadi Juni 2025, jumla shilingi 8,640,000 bila adhabu. Orodha ya mishahara imeambatishwa.”

Wauzaji huogopa kuandika hivyo wakidhani mnunuzi atakimbia. Kwa uzoefu wetu, mnunuzi makini huomba punguzo. Na ni lazima aombe, kwa sababu jambo likishafichuliwa sawasawa hawezi tena kulidai kama tamko la uongo. Ama bei ishushwe, ama kiandikwe kifungu cha pekee kwamba deni hilo, pamoja na adhabu, litalipwa na muuzaji. Mnunuzi anayesoma jedwali na kunyamaza amelinunua deni.

Sasa tuseme halikufichuliwa. Makabidhiano yalikuwa tarehe 1 Agosti 2025, na mkataba unasema madai yaletwe kwa maandishi ndani ya miezi 12. Mkaguzi wa NSSF anafika Mei 2026. Mnunuzi anampigia simu muuzaji, anaahidiwa “tutaongea”, wanaongea hadi barua inapelekwa tarehe 14 Agosti. Amechelewa, na zile simu hazihesabiki kwa kuwa mkataba ulitaka maandishi. Barua ilitakiwa Mei ileile, ikitaja ibara iliyovunjwa, kilichogunduliwa na makisio ya kiasi, hata kama hesabu ya mwisho haijatoka.

Ndiyo maana miezi 12 kwa matamko yote ni michache mno kwa mnunuzi. Mashine mbovu itajionyesha ndani ya msimu mmoja wa mahindi, ila ukaguzi wa kodi na michango huchelewa. Tunashauri matamko ya kawaida yapewe miezi 12 hadi 18, ya kodi na NSSF miaka kadhaa, na udanganyifu usiwekewe ukomo. Sheria ya Uganda inatoa miaka 6 kufungua kesi ya mkataba. Ibara inayofupisha muda huo iandikwe na wakili, ioneshe kwamba dhamana yenyewe inakoma tarehe fulani pasipo dai la maandishi. Kumkataza mtu kwenda mahakamani ni jambo jingine, na linaweza kubatilishwa.

Halafu kuna suala la fedha zenyewe. Dai likishinda huku muuzaji ameshajenga nyumba kijijini kwa ile milioni 180, mnunuzi atabaki na karatasi. Sehemu ya bei, tuseme milioni 18, ikae kwenye akaunti ya wakili hadi muda wa madai uishe, na mkataba useme wazi nani anaagiza itolewe na nini kinafanyika ikiwa siku ya mwisho inakuta dai bado halijaamuliwa.