Kivuli cha 0.10 si z ya 0.10: kutafuta mpaka wa pasentaili kwenye picha ya mchoro

Picha za aina hii hunifikia karibu kila wiki wakati wa mitihani: ukurasa wa daftari, kengele ya mgawanyo wa kawaida iliyochorwa kwa penseli, mstari wa wima upande mmoja, mkia umetiwa kivuli, na alama ya kuulizia chini ya mstari. Aliyetuma anajua fomyula. Kinachomkwamisha ni kuutoa mchoro kwenye picha na kuupeleka kwenye jedwali la z bila kupoteza maana ya kile kivuli. Nitachukua swali moja la aina hiyo na kulifuata mpaka mwisho.

Watahiniwa 500 wamefanya mtihani wa mchujo. Maksi zao zinafuata mgawanyo wa kawaida wenye wastani 62 na mkengeuko sanifu 12. Asilimia 10 ya juu ndio wataitwa kwenye usaili. Maksi za chini kabisa za kuitwa ni ngapi? Kwenye mchoro, 62 imeandikwa chini ya kilele, mkia wa kulia una kivuli, na mshale unaoelekea kwenye kivuli umeandikwa 0.10.

Kabla ya kugusa kikokotoo, mimi huisoma picha kwa mpangilio mmoja. Kwanza natazama kivuli kiko upande gani. Pili natazama kila namba imekaa wapi. Namba iliyo chini ya mstari wa mlalo ni kipimo, yaani maksi au z, na z ni idadi ya mikengeuko sanifu kutoka wastani. Namba iliyo ndani ya kengele, au yenye mshale unaoingia ndani, ni eneo, na eneo hapa maana yake ni sehemu ya watu. Makosa mengi huanzia hapo: mtu anaiona 0.10 na kuichukulia kama z. Anaitafuta pembeni mwa jedwali, anapata 0.5398, anaizidisha kwa 12, anajumlisha 62 na kupata 68.5. Jibu linaonekana la heshima, lakini halihusiani na swali. Anayetafuta mpaka anaanza na eneo, kwa hiyo jedwali analisoma kinyumenyume: anatafuta namba ndani ya jedwali, halafu anatoka nje kuisoma z pembeni.

Picha ina mitego yake pia. Wengi huandika mgawanyo kwa kifupi, N(62, 12²). Penseli ikiwa hafifu au mwanga ukiwa mbaya, ile 2 ndogo ya juu hushuka machoni na 12² ikasomeka 122. Wengine huandika N(62, 144), na msomaji akaichukua 144 kama mkengeuko sanifu ilhali ni mraba wake. Kosa hili ni rahisi kulikamata: 62 + 1.28 × 144 inakupa karibu 246, kwenye mtihani wa maksi 100. Nukta ya desimali nayo hupotea kwenye picha, 0.10 ikawa 010 au 10. Ikitokea hivyo, kumbuka kwamba eneo lote chini ya kengele ni 1, kwa hiyo hakuna eneo linaloweza kuzidi 1.

Sasa jedwali. Majedwali ya z hayafanani, na hili ndilo linalowaangusha hata wanaojua hesabu vizuri. Moja linatoa eneo lote la kushoto kwa z. Jingine linatoa eneo kuanzia katikati hadi z. La tatu linatoa mkia wa kulia tu. Huhitaji kukisia unalo lipi: tazama z = 1.00. Ukikuta 0.8413, ni la kushoto. Ukikuta 0.3413, linaanzia katikati. Ukikuta 0.1587, ni la mkia. Kwa kawaida pia kuna kengele ndogo juu ya jedwali yenye kivuli chake, na ni vyema kukilinganisha kivuli hicho na cha mchoro wako kabla ya kusoma namba yoyote.

Kwa swali letu, mkia wa kulia ni 0.10, kwa hiyo kushoto kwa mpaka wamebaki 0.90. Hiyo ndiyo pasentaili ya 90: maksi ambazo asilimia 90 ya watahiniwa wako chini yake. Haina uhusiano wowote na kupata maksi 90. Mwenye jedwali la kushoto atatafuta 0.9000, mwenye la katikati atatafuta 0.4000, na mwenye la mkia atatafuta 0.1000. Wote watatu wakisoma sawasawa watafika kwenye z ileile.

Tuseme jedwali ni la kushoto. Ukishuka hadi mstari wa 1.2 na kwenda hadi safu ya 0.08 utakuta 0.8997. Safu inayofuata, ya 0.09, ina 0.9015. Tunayoitaka, 0.9000, iko katikati yao, karibu zaidi na ya kwanza. Kutoka 0.8997 hadi 0.9000 ni hatua ya 0.0003, na kutoka safu moja hadi nyingine ni 0.0018. Sehemu hiyo ni moja ya sita, kwa hiyo z ni 1.28 na moja ya sita ya 0.01, yaani karibu 1.282. Kwa kazi nyingi 1.28 inatosha.

Kutoka z kwenda kwenye maksi ni hatua moja:

```
x = μ + zσ
x = 62 + 1.282 × 12
x ≈ 77.4
```

Mwenye programu ya lahajedwali anaweza kulithibitisha jibu kwa mstari mmoja:

```
=NORM.INV(0.9,62,12)
```

Inarudisha 77.379 hivi. Angalia kwamba nimeandika 0.9 wala si 0.1, kwa sababu amri hii hupokea eneo la kushoto peke yake. Ukiandika 0.1 itakupa 46.6 bila kulalamika. Ndiyo maana nasisitiza swali dogo la kujiuliza kila mara: je, mpaka umeangukia upande uleule wa wastani kama kwenye mchoro? Tunatafuta walio juu, kwa hiyo jibu lililo chini ya 62 limekosea ishara, hata kama namba zake zimetoka kwenye kompyuta.

Kwenye vikokotoo kama Casio fx-991ES PLUS, maeneo haya matatu yana herufi zake: `P(` ni eneo la kushoto, `Q(` ni la kutoka katikati, `R(` ni mkia wa kulia. Hizo hupokea z na kutoa eneo. Kwa hiyo ni nzuri kwa kuhakiki: weka 1.282 ndani ya `R(` na lazima ikupe takriban 0.1.

Mchoro wenyewe nao unaweza kukuonya, ukiuchora kwa uangalifu kidogo. Mkunjo wa kengele ukishuka kutoka kileleni huanza kwa kubinuka kama mgongo, kisha mahali fulani hugeuka na kuanza kubonyea kuelekea mkiani. Mahali pa kugeukia pako umbali wa mkengeuko sanifu mmoja kamili kutoka wastani, kila upande. Hapa ni maksi 50 na 74. Mpaka wetu wa 77.4 unapaswa kukaa nje kidogo ya mgeuko wa kulia, na urefu wa mkunjo pale ni asilimia 44 ya kilele: kilele kikiwa sentimita 5, mstari wa mpaka uwe sentimita 2.2. Mtu aliyechora mstari karibu kabisa na kilele na kuandika 0.10 amechora kitu kinachofanana na 0.40, na mara nyingi jicho lake ndilo linampeleka kwenye jibu baya. Lakini usipime z kwa rula juu ya picha. Simu ikishikwa kwa mshazari upande mmoja wa kengele hupungua, na mchoro wa mkono haukuwa na kipimo tangu mwanzo. Piga picha kwa kusimama juu ya karatasi moja kwa moja, mikia yote miwili ionekane, kisha iache ifanye kazi yake ya kuonyesha upande na sehemu tu.

Kivuli kikiwa katikati, hesabu inabadilika kidogo. Mchoro unaosema 0.80 katikati umeacha 0.20 nje, na kwa kuwa kengele inalingana pande zote, kila mkia una 0.10. Mipaka ni 62 − 15.4 na 62 + 15.4, yaani 46.6 na 77.4. Anayetafuta 0.80 moja kwa moja kwenye jedwali la kushoto atapata z ya 0.84. Hiyo ni pasentaili ya 80, ni swali jingine kabisa.

Turudi kwa watahiniwa wetu. Maksi hutolewa kwa namba nzima, na 77.4 haipo kwenye karatasi ya matokeo. Mpaka uwe 77 au 78? Mgawanyo wa kawaida hauna mapengo, kwa hiyo maksi 78 zinahesabiwa kuwa zinaanzia 77.5. Juu ya 77.5 kuna asilimia 9.8, sawa na watu 49 kati ya 500. Ukishusha mpaka hadi 77, unaanzia 76.5, na asilimia inakuwa 11.3, karibu watu 57. Ikiwa nafasi za usaili ni 50 na haziongezeki, mpaka ni 78. Uamuzi huu unatoka kwenye nafasi zilizopo, jedwali halikuamulii.

Na kuna wakati njia nzima haifai. Chukua mtihani mwepesi wenye wastani 85 na mkengeuko sanifu uleule wa 12. Pasentaili ya 90 inatoka 85 + 15.4, yaani 100.4. Hakuna atakayepata maksi hizo, lakini fomyula haijui kwamba karatasi inaishia 100. Maksi zimerundikana karibu na dari, mkia wa kulia umekatwa, na kengele uliyoichora haipo. Hapo weka jedwali pembeni, panga maksi halisi za watahiniwa 500 kuanzia ya juu kabisa, na usome maksi za mtu wa 50.