Kwa nini soketi haikai bafuni lakini shawa ya umeme inakaa?

"Fundi amekataa kabisa kuniwekea soketi bafuni, eti ni hatari. Lakini shawa ya umeme amenifungia palepale juu ya kichwa. Kwani umeme si ni uleule?"

Umeme ni uleule, ila soketi ni mlango ulioachwa wazi. Leo utachomeka mashine ya kunyolea, kesho mtoto ataingia na ekstensheni na simu iko chaji, na hakuna kati ya vitu hivyo kilichotengenezwa kuloa. Shawa ya umeme haina plagi. Imefungwa ukutani moja kwa moja, ina laini yake yenyewe kutoka kwenye boksi la breka, na imeundwa kurushiwa maji. Ngozi iliyoloa hupitisha umeme kwa urahisi kuliko ngozi kavu, na miguu mitupu kwenye sakafu yenye maji huupa umeme njia ya kwenda ardhini.

Ndiyo maana kanuni za kimataifa za nyaya za majengo huligawa bafu katika kanda. Ukanda 0 ni ndani ya beseni la kuogea, penye maji yenyewe. Ukanda 1 ni juu ya beseni hilo hadi sentimita 225 kutoka sakafuni, au hadi usawa wa shawa kama imefungwa juu zaidi. Ukanda 2 ni sentimita 60 zinazofuata kwa pembeni. Bafu nyingi za kwetu hazina beseni, maji humwagika sakafuni tu. Hapo ukanda 2 haupo, na ukanda 1 hutanuka hadi sentimita 120 kutoka shawa ilipofungwa.

Chukua bafu la kawaida la nyumba ya kupanga: upana mita 1.5, urefu mita 2, shawa katikati ya ukuta wa ndani, mlango upande wa pili. Ukipima sentimita 120 kutoka shawa, zaidi ya nusu ya chumba ni ukanda 1. Kifaa chochote humo kiwe na alama ya IPX4 au zaidi, yaani kinastahimili maji yanayorushwa kutoka kila upande. Taa ya ukutani ya kioo ikiangukia humo, nayo lazima iwe nayo. Taa ya darini kwenye urefu wa mita 2.6 iko nje ya kanda, lakini mimi bado ningechagua iliyofunikwa, kwa sababu mvuke hupanda. Swichi ya shawa, ile kubwa inayokata nyaya zote mbili, ikae nje ya mlango.

Na soketi? Kanuni za Uingereza, ambako soketi zetu za pini tatu zimetoka, zinataka iwe mita 2.5 kutoka ukingo wa ukanda 1. Jumlisha mita 1.2 unapata 3.7, na chumba kina mita 2. Fundi wako alikuwa sahihi.

Shawa nayo ina masharti. Ya wati 5,500 kwenye volti 230 huvuta karibu ampea 24, kwa hiyo waya wa taa hauibebi. Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, izime kwenye swichi na umwite fundi. Kisha kuna RCD, kifaa cha kwenye boksi la breka kinachokata umeme pale miliampea 30 tu zinapovujia ardhini. Breka ya kawaida ya ampea 32 haiwezi kazi hiyo. Umeme unaoweza kumuua mtu ni mdogo mno kwake, itaendelea kuwasha kama hakuna kitu.

Hapa ndipo makosa mabaya hufanyika. Katika shawa nyingi za bei nafuu, koili ya kupashia moto imezama kwenye maji ikiwa tupu, hivyo umeme kidogo huvuja kupitia maji, na waya wa kijani wa ethi ndio unaoupeleka ardhini. Wakati mwingine uvujaji huo unatosha kuangusha RCD. Mwenye nyumba anachoka, RCD inaondolewa, shawa inawaka vizuri na kila mtu anafurahi. Dawa ni kununua shawa ambayo koili yake imefunikwa, na RCD ibaki.

Ukigusa bomba na kuhisi kama unachomwa na sindano, usiendelee kuoga. Mara nyingi ni ethi iliyokatika au ambayo haikuwahi kufungwa. Kitufe cha TEST kwenye RCD hakitakuambia hilo, kwa kuwa kinapima RCD yenyewe tu. Ethi hupimwa na fundi mwenye kipimo chake.