Je, wajua? Kadi za poka zinapopishana

"Timu ikishakubaliana kwamba kazi ni pointi 5, kwa nini mnaandika tena kwenye Jira, programu mnayofuatilia kazi zenu, kwamba huyu alitoa kadi ya 3 na yule alitoa ya 13?"

Kwa sababu 5 inasema ukubwa wa kazi tu, ilhali ile 13 inasema kuna jambo mtu mmoja ameliona na wenzake hawajaliona. Majina hatuyaandiki, na sababu yake inakuja.

Poka ya makadirio, njia ya timu ya programu kukadiria ukubwa wa kazi kwa kadi, ilielezwa na James Grenning mwaka 2002. Kazi inasomwa, kila mtu anachagua kadi (1, 2, 3, 5, 8, 13 na kuendelea) na kuifunika, kisha zote zinafunuliwa kwa pamoja. Zinafunikwa kwa kuwa namba ikitajwa mapema huwavuta wengine, kama bei ya kwanza sokoni inavyowavuta muuzaji na mnunuzi. Aliyetoa kubwa kabisa na aliyetoa ndogo kabisa wanajieleza, halafu kura inapigwa upya.

Kwa muda mrefu niliamini shabaha ya zoezi hili ni namba. Kadi zikipishana, nilichukua wastani, nikaujaza kwenye sehemu ya `Story Points`, tukasonga mbele. Sehemu hiyo inapokea namba moja tu, kwa hiyo kila kitu kilionekana kimekamilika.

Tazama wastani unavyofanya. Watu watano wanakadiria safari ya kutoka Kariakoo hadi Mbagala. Wanne wanasema dakika 40, wa tano anasema saa 2, maana asubuhi ameona barabara imefungwa. Wastani ni dakika 56. Barabara ikiwa wazi, dakika 56 ni nyingi mno, na ikiwa imefungwa, hazifiki popote. Hakuna safari ya dakika 56. Kilichokuwa na faida pale ni habari ya barabara, na wastani umeimeza.

Ndivyo ilivyonitokea. Kazi ilikuwa kumtumia mteja ujumbe mfupi malipo yake yakishapokelewa. Kura zilikuwa 3, 3, 3, 5 na 13. Wastani ni 5.4, nikaandika 5. Mwenye 13 alikuwa amewahi kupokea simu za wateja, akatueleza kwamba seva yetu ikichelewa kuitikia, taarifa ya malipo yaweza kutumwa tena, na mteja akipata ujumbe mara mbili ataamini amekatwa pesa mara mbili. Tulimsikia, tukatikisa vichwa. Wiki mbili baadaye tiketi, yaani kazi hiyo ilivyoandikwa kwenye Jira, ilichukuliwa na mwenzetu ambaye siku ile alikuwa likizo. Alikuta namba 5 na maelezo mafupi, akatengeneza kile ambacho watu wa 3 walikifikiria. Ujumbe ukaenda mara mbili.

Sasa tofauti hiyo inaingia kwenye maoni ya tiketi palepale, kabla mkutano haujaisha:

```
Raundi 1: 3 3 3 5 13
Sababu ya 3: kutuma ujumbe tu
Sababu ya 13: taarifa ya malipo yaweza kuja mara 2
Raundi 2: 8 8 8 8 8
Uamuzi: tiketi 2. Kutuma (3), kuzuia marudio
kwa namba ya muamala (5)
```

Tunaweka pia lebo `kura-mbali`, ili baadaye kazi za namna hii zitafutike kwa pamoja:

```
labels = kura-mbali AND status = Done
```

Ila kupishana si lazima kumaanishe hatari. Tofauti ya 3 na 5 ni ya kawaida, hatuiandiki. Mara nyingine anayejua zaidi ndiye mwenye kadi ndogo, kwa kuwa aliwahi kuandika sehemu ileile kwenye mradi mwingine. Mara nyingine watu wamesoma sentensi moja wakaelewa kazi mbili tofauti, na hapo dawa ni kuandika upya maelezo. Mstari wa sababu ndio unaotenganisha hali hizi, kwani namba zenyewe zinafanana.

Majina tuliyaacha baada ya kuona kwamba kura ikibaki na jina, huja siku ikatumika kumpima mtu. Mwenye kuogopa hilo hutoa kadi anayodhani ni ya wengi, na ile 13 haionekani tena.

Dalili ninayoichunga zaidi ni hii: raundi ya kwanza 2, 3, 8, 13, raundi ya pili wote 5, na mistari ya sababu mitupu. Mara nyingi hapo mkubwa wa timu amesema neno na wengine wamemfuata. Tiketi ya hivyo hatuiingizi kwenye sprinti, kile kipindi kifupi cha kazi tulizopanga, mpaka mwenye 13 aulizwe tena alikuwa ameona nini.