Gauni la kazi ya siku moja, linangojewa wiki tatu

Kazi yangu ni kupanga mtiririko wa kazi katika karakana ndogondogo za Nairobi. Kwa mafundi nguo malalamiko hayabadiliki: mteja ameahidiwa Ijumaa, anafika Ijumaa, na kitambaa chake bado kimekunjwa kwenye mfuko alioachia. Fundi naye huamini kwamba dawa ni kuongeza cherehani au kufunga duka saa tatu usiku. Mara nyingi hesabu inasema vingine.

Chukua duka moja la Uhuru Market, kando ya Jogoo Road. Mwenye duka hupima wateja na kukata vitambaa mwenyewe, na mafundi watatu wanashona. Nilimwuliza gauni la kitenge lenye bitana huchukua muda gani mikononi, tangu mkasi hadi pasi.

"Masaa sita hivi, stima isipopotea."

"Na mteja akija leo, unamwambia arudi lini?"

"Wiki moja." Akacheka. "Lakini wenyewe wanajua ni tatu."

Tukafungua daftari la oda na kuhesabu kila nguo iliyolipiwa malipo ya awali na ambayo haijawa tayari. Zilikuwa 72. Kisha tukahesabu zilizokamilika katika wiki za karibuni, na wastani ukawa nguo nne kwa siku. Gawanya 72 kwa nne, unapata siku 18 za kazi. Duka halifunguliwi Jumapili, kwa hiyo hizo ni wiki tatu kamili, zile zile ambazo wateja walikuwa wamezijua kwa miguu yao.

Hesabu hiyo inaitwa kanuni ya Little, kwa jina la John Little, baadaye profesa wa chuo cha MIT, aliyeithibitisha kihisabati mwaka 1961:

```
kazi zilizo mkononi = kasi ya kutoka × muda wa kungoja
```

Kinachonivutia katika kanuni hii ni kwamba haiulizi nani anashona haraka wala nani anahudumiwa kwanza. Inadai mambo machache tu: vyote vitatu vipimwe kwa wastani katika kipindi kimoja, nguo zinazoingia zikaribiane na zinazotoka, na kila iliyoingia itoke hatimaye. Kwa hiyo kama kasi ya kutoka ni nne kwa siku na rafuni kuna 72, hakuna ahadi ya wiki moja inayoweza kutimia kwa wateja wote. Ukimtimizia mmoja kwa sababu amepiga simu kwa hasira, umemsogeza mwingine nyuma.

Kanuni hiyo hiyo inaingia ndani ya duka, hatua kwa hatua. Katika zile 72, nguo 31 zilikuwa vitambaa visivyokatwa. Nyingine 17 zilikuwa zimekatwa na kufungwa mafungu, saba zilikuwa kwenye cherehani au kando yake, tisa zilingoja mteja aje kujaribu, na nane zilingoja vifungo, pindo na pasi. Kwa kuwa kila nguo hupitia hatua zote, gawanya kila fungu kwa nne. Kitambaa hukaa karibu siku nane kabla ya kuguswa na mkasi, kisha siku nne na zaidi kikiwa mafungu. Kwenye ushonaji wenyewe, pamoja na foleni ya ovaloki, hakifiki siku mbili. Ndiyo maana cherehani nyingine isingesaidia sana: hao watatu hawakukosa mashine, na siku nyingi za kungoja hazikuwa pale.

Wengi hufika hapa wakaamua kukata vitambaa vyote mapema ili mteja aone kazi imeanza. Hilo linahamisha nguo kutoka fungu la kwanza hadi la pili, na jumla inabaki 72. Kinyume chake pia kina mtego. Ukiweka sheria kwamba hakuna kukata mpaka nguo moja itoke, meza itapumua, mafungu hayatachanganyika, na mafundi wataacha kutafuta mkono wa kushoto wa blauzi. Ni sheria nzuri, na mimi huipendekeza. Ila mteja anahesabu tangu alipotoa pesa. Kitambaa kinachongoja nje ya mlango wa mkasi bado ni chako, na muda wake bado unahesabiwa.

Kwa hiyo tuliamua jumla ishuke hadi 24, maana 24 kwa kasi ya nne ni siku sita za kazi, ile wiki anayopenda kuahidi. Nguo 48 zilipaswa kupungua. Akipokea oda mbili kwa siku huku nne zikitoka, rundo hupungua kwa mbili kila siku, na kazi inakwisha kwa siku 24, yaani wiki nne. Wateja wengine wanapewa tarehe ya kuleta kitambaa, bila kuchukuliwa pesa.

Hapo ndipo mama mwenye duka alipokunja uso, na alikuwa na haki. Katika maduka mengi pesa ya awali ya mteja mpya ndiyo inayonunua zipu na bitana ya mteja wa zamani. Tufanye gauni ni shilingi 3,000 na nusu inalipwa mwanzo. Siku ya kawaida huingia malipo ya awali manne na salio nne, jumla 12,000. Katika wiki za kupunguza huingia malipo ya awali mawili na salio nne, 9,000. Pengo ni 3,000 kwa siku, au 72,000 kwa siku 24. Ukiangalia vizuri, hizo ndizo pesa za awali za nguo 48: zimeshakuja, zimeshatumika, kazi haijafanywa. Rundo lile ni deni kwa wateja, na linalipwa mara moja tu. Asiye na akiba apokee oda tatu kwa siku. Pengo linashuka hadi 1,500, lakini safari inakuwa wiki nane.

Usishuke kupita kiasi. Ukibakiza nguo tano au sita, siku wateja wawili wasipokuja kujaribu na kitambaa kimoja kikakosa uzi wa rangi yake, fundi mmoja atakaa bure. Utaiona katika daftari: nne kwa siku zitakuwa tatu, na muda wa kungoja utaacha kupungua hata rundo likizidi kupungua. Hapo rudisha oda kidogo. Fungu la kujaribu nalo linataka ukali wake. Nguo inayomngoja mteja wa Rongai aliyesafiri isihesabiwe kama kosa la fundi, lakini siku ya kujaribu ipangwe wakati wa kupima, si baada ya nguo kuning'inia.

Suti zipewe hesabu yake, mbali na magauni, na kufupisha suruali kusiingie humo kabisa. Ukizichanganya, wastani haumwelezi mteja yeyote. Nguo zilizokamilika ambazo wenyewe hawajachukua zihesabiwe kando pia, maana hizo zinamngoja mteja.

Desemba kanuni hii haikupi tarehe kwa usahihi huo, kwa kuwa oda za harusi na Krismasi huingia kwa kasi kuliko zinavyotoka. Bado hesabu ya asubuhi inasaidia: kama mbele ya mteja kuna nguo 40 na zinatoka nne, mwambie siku kumi za kazi, uongeze mbili za stima kupotea. Kama siku hizo zinavuka harusi yake, mwambie hapo hapo, kabla hajatoa simu kulipa kwa M-Pesa.