Kwa nini hatuweki picha ya "mwizi" kwenye kundi la mtaa

Kundi letu la WhatsApp hapa Jang'ombe lina nafasi ya mengi: maji yamekatika, kuna msiba, mbuzi kapotea, nani anauza mkaa. Hayo wasimamizi hatuyaingilii. Tunachokizuia bila kubembelezana ni sura ya mtu anayetuhumiwa, hata kama anayeituma ana uhakika wake.

Tuseme pampu ya maji ya jirani imeibwa usiku. Asubuhi mtu anatuma picha ya kijana juu ya baskeli, imetoka kwenye kamera ya duka, na chini yake kaandika "huyu ndiye". Ukiitazama vizuri, kijana anapita tu, pampu haionekani. Sisi tunaweza kuifuta ndani ya kundi letu peke yake. Iliyokwisha kutumwa kundi la Mwanakwerekwe, au kuhifadhiwa kwenye simu ya mtu, hatuifikii tena. Na kijana huyo akikutana na watu wenye hasira njiani, hakuna atakayesubiri kuuliza ushahidi. Ndiyo maana tunafuta kwanza, mazungumzo baadaye.

Kabla ya kufuta, msimamizi anapiga picha ya skrini yenye saa na jina la mtumaji, maana polisi wanaweza kuihitaji. Kisha anaifuta kwa wote. WhatsApp huonesha jina la msimamizi aliyefuta, na hapo ndipo maneno huanza: "Anamlinda jamaa yake." Kwa hiyo papo hapo anaandika kundini kilichofutwa ni nini na kwa sababu gani, bila kumtaja mtumaji. Mtumaji tunamfuata faragha, kwa heshima, tunamwomba apeleke picha yake kwa sheha au kituo cha polisi. Kundini aeleze kilichoibwa, wapi na saa ngapi, ili wenye taarifa wamfuate.

Akirudia, tunamtoa kwa wiki moja. Ni adhabu nzito, nakubali, lakini WhatsApp haituachi kumnyamazisha mtu mmoja: ama tunafunga kundi lote waandike wasimamizi tu, ama tunamtoa yeye. Kufunga kundi ni kumnyima pia mwenye mgonjwa anayetafuta gari usiku.

Ujumbe wenye mishale miwili juu yake nao usiuingize kabla hujampata aliyeuanzisha. Mishale hiyo maana yake umepitishwa mkono kwa mkono mara tano au zaidi, na aliyekutumia wewe huenda hajui chochote.

Picha ya mtoto aliyepotea tunaipokea, ila iletwe na mzazi au mlezi mwenyewe, pamoja na namba yake ya simu. Tunampigia kwanza kuhakikisha. Mtoto akipatikana, mzazi aandike kundini kwamba kapatikana, picha ifutwe, na kila aliyeipeleka kwengine apeleke na habari hiyo huko huko.